"Pole" na "désolé" si neno moja: namna ya kuanza na wenzako wa Bujumbura na Bukavu

*"Shikamoo mwalimu. Niko ofisi ya mauzo ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Siku hizi wateja wetu wengi ni wa Bujumbura na Bukavu na wanaandika Kifaransa, mimi nina maneno machache tu ya kuokoteza. Jumanne mama mmoja wa Bujumbura aliniandikia kwamba magunia yake 12 yamefika yamelowa. Nikamjibu 'Salut', kisha 'Je suis désolée pour les sacs', nikiwa na maana ya kumpa pole. Amejibu kwa baridi na anataka tupunguze bei kwa sababu eti nimekiri kosa. Nimekosea wapi? Na watu hawa nianze nao vipi, kwa maandishi na kwa simu?"*

Marahaba, mwanangu. Umekosea mahali pawili, na hapo pa pili ndipo penye gharama, kwa hiyo nitaanza napo.

Pole yetu haimtafuti mwenye kosa. Mtu akiteleza pale mwaloni na ndoo yake ya samaki, nawe umeketi mbali mita ishirini, unamwambia pole. Anayetoka kazini unampa pole, aliyefiwa pole, anayeumwa pole, aliyenyeshewa pole. Hakuna atakayekuuliza ulimfanya nini hata ukasema hivyo. Ukifungua kamusi ya Kifaransa unakuta "désolé", nawe unaridhika kwamba umepata neno lako. Lakini Kifaransa hakina neno moja linalofanya kazi zote hizo. Kimezigawa, na "désolé" limepewa fungu lililo karibu sana na "samahani" yetu.

Neno hilo hutamkwa dezole. Mwanamke akiandika huongeza e moja mwishoni, kama ulivyofanya wewe, na sauti haibadiliki. Kati ya marafiki linaweza kabisa kubeba masikitiko matupu, yaani mtu akikuambia mama yake analazwa unaweza kusema "Je suis désolée" na hakuna atakayedhani umemuuguza wewe. Mambo hubadilika likiingia kwenye barua inayohusu mzigo na fedha. Hapo msomaji anatazama kitu kinachofuata baada ya neno. Umeandika "désolée pour les sacs", naye amesoma "niwie radhi kwa ajili ya magunia". Kwake muuzaji ameomba radhi kwa bidhaa aliyoiuza, na kudai punguzo ndiyo hatua ya kawaida inayofuata. Mama huyo hakukuonea.

Ungeongeza kitenzi kimoja tu maana ingegeuka. "Je suis désolée d'apprendre que les sacs sont arrivés mouillés" ni "nimesikitika kusikia kwamba magunia yamefika yamelowa". Unachosikitikia ni habari uliyoipata, na suala la nani aliyeyalowesha linabaki wazi. Kwa barua ya kazi mimi hupendelea "Je regrette d'apprendre que", inayotamkwa zhe regret daprandr ke. Ina utulivu zaidi, na haimfanyi msomaji aanze kutafuta kukiri. Kuomba radhi kwenyewe kuna maneno yake, "Nous vous présentons nos excuses", nawe uyatunze kwa siku ambayo mmechunguza mkakuta turubai la lori lenu lilitoboka. Siku hiyo yatumie bila kusita, kwa sababu Mfaransa na Mrundi wote huheshimu radhi inayotolewa waziwazi. Ila usiandike "Je m'excuse". Utaisikia sana midomoni mwa watu, lakini wapo wasomi wa lugha wanaoiona kama mtu anayejisamehe mwenyewe, na barua ya kazi haina haja ya kukutana nao.

Pole zilizobaki nazo zina mahali pake. Aliyefiwa mwambie "Toutes mes condoléances", tut me kondoleans, kisha unyamaze kidogo kama tunavyofanya sisi. Anayeumwa mtakie apone: "Je vous souhaite un prompt rétablissement". Aliyetoka safari haambiwi pole, huulizwa kama amesafiri vizuri, "Vous avez fait bon voyage ?" Pole na kazi ndiyo inayosumbua zaidi. Kilicho karibu nayo ni "Bon courage", bon kurazh, lakini hicho kinatazama mbele: unampa nguvu mtu ambaye kazi bado iko mikononi mwake. Ukimkuta wakala wako amemaliza kupakua lori na anajifuta jasho, "Bon courage" imechelewa. Mwambie "Merci pour le travail", ahsante kwa kazi, naye atakuelewa.

Nikuongezee jambo ambalo wengi wa hapa hawalifikirii. Mrundi ana "ihangane" yake kwa Kirundi, na Mkongo wa Bukavu ana "pole" ileile ya Kiswahili. Wote wanaijua hisia unayotaka kuwapa. Kwa hiyo ukiwa kwenye simu na mtu anayejua Kiswahili, mwambie pole kwa Kiswahili, halafu urudi kwenye Kifaransa cha mzigo. Utakuwa umemfariji bila kuandika hati ya deni.

Sasa hiyo "Salut". Ni neno zuri, na linalingana na "mambo" au "vipi" ya kijiweni. Humwambii "mambo" mama mfanyabiashara usiyewahi kumwona, anayekulalamikia kuhusu magunia 12. Neno lako la kila siku liwe "Bonjour", na lisikae peke yake. Lifuatwe na "Madame" au "Monsieur". Kwa Kifaransa hayo mawili ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya shikamoo. Hakuna salamu maalumu ya mdogo kwa mkubwa, na ukimtafuta mzee amjibu kijana "marahaba" hutampata. Heshima inapita kwenye cheo unachomwita mtu na kwenye kiwakilishi unachotumia kusema naye.

Cheo kwanza. "Madame" na "Monsieur" hutosha bila jina. Sisi tukimjua mtu tunapenda kutaja jina lake ili ajisikie karibu, lakini katika barua ya Kifaransa jina baada ya "Monsieur" halihitajiki, na barua rasmi hulikwepa kabisa. Mwenye wadhifa hutajwa kwa wadhifa: "Monsieur le Directeur", "Madame la Directrice". Wakili, awe mwanamume au mwanamke, huitwa "Maître". Neno "Mademoiselle" la msichana asiyeolewa liache nje ya ofisi, maana si kazi yako kujua nani ameolewa. Ukifika Bukavu utasikia watu wakiitana "Maman" na "Papa" hata ofisini, na ni heshima ya kweli, kama sisi tunavyosema mama na baba kwa watu wasiotuzaa. Hilo lipokee, ila wao ndio waanze.

"Bonjour" hutumika tangu asubuhi mpaka jua linapoelekea kuzama, kisha inaingia "Bonsoir". Wewe wa Mwanza hili halikupi taabu. Kisukuma kina "mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya baadaye, na Kirundi kina "mwaramutse" na "mwiriwe". Tofauti ni mahali mpaka ulipowekwa: Kirundi kinageuka adhuhuri, Kifaransa kinasubiri jioni. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni mtu kumpigia mwenzake saa mbili usiku na kuanza na "Bonne nuit". Hiyo ni ya kumuaga anayekwenda kulala, na ukianza nayo ni kama umempigia kumwambia "lala salama" kabla hujasema shida yako. Maneno yanayoanza na "bonne" katika kundi hili, kama "Bonne journée" na "Bonne soirée", ni ya kuagana.

Baada ya "Bonjour" unamjulia hali: "Comment allez-vous ?" Hutamkwa komantale vu, maneno mawili ya kwanza yakishikana kama kwamba ni moja. Jibu ni "Je vais bien, merci. Et vous ?" Sisi huwa tuna msururu: habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za huko. Vitabu vya Kifaransa vilivyoandikwa Paris vitakufundisha ukome kwenye swali la kwanza, na ukiwa Paris vifuate. Bujumbura na Bukavu ni Afrika yetu hii. "Et la famille ?" huulizwa na hujibiwa kwa furaha, na mtu unayefanya naye kazi mwaka mzima bila kumuuliza nyumbani atakuona mkavu. Mimi huuliza kwenye simu. Kwenye barua pepe naandika sentensi moja tu, "J'espère que vous allez bien", kisha naingia kazini.

Kiwakilishi ndicho kilichonitia aibu mimi mwenyewe nikiwa kijana. Kiswahili cha kwetu kinamwambia kila mtu "u": umefika, unaendelea, utakuja, awe mtoto au mkuu wa mkoa. Kifaransa kina "tu" kwa mtu wa karibu na "vous" kwa mgeni, mkubwa au mtu wa kazini. Nilikuwa mkalimani katika mazungumzo ya mzigo, na upande wa pili aliketi mzee mmoja wa makamo kutoka Burundi. Nikamuuliza "Tu as les papiers ?" kwa sauti ya upole kabisa, kama ninavyosema "unazo karatasi, mzee?" Akazisukuma zile karatasi mezani bila kunitazama, na kwa muda wote uliobaki alizungumza na mwenzangu. Upole wa sauti haukusaidia kitu, kwa sababu sarufi ilikuwa imekwishamtusi.

Ukitaka kumweleza mtu wa ofisini kwako kwa nini ni hivyo, mtolee mfano wa Kirundi. Mtu mmoja wa rika lako unamwambia "waramutse", na mtu mmoja unayemheshimu "mwaramutse", kwa umbo la wingi. Mrundi amelelewa na tofauti hiyo kabla hajaingia darasa la Kifaransa. Unapomwambia "tu" siku ya kwanza, anasikia ulichokosea kwa lugha mbili.

Kwa hiyo kila mtu wa kazini ni "vous" mpaka yeye akufungulie mlango, na anayefungua ni mkubwa kwa umri au kwa cheo. Atakuambia "On peut se tutoyer", yaani tunaweza kuitana "tu". Usilipendekeze wewe uliye mdogo. Hatari kubwa zaidi imo kwenye maandishi, kwa sababu "tu" ina watoto wake na watu huwasahau. Mtu anaandika "Comment allez-vous ?" vizuri, halafu mstari wa tatu anaandika "ton message" au "s'il te plaît", kwa kuwa alizinakili kutoka kwa rafiki. Mimi hupitia kila barua kabla ya kuituma nikitafuta maneno sita tu: tu, te, toi, ton, ta, tes. Nikikuta moja wapo nalibadilisha liwe vous, votre au vos, na kitenzi kilichoshikamana na "tu" nakibadilisha nacho. Dakika moja inatosha.

Tukusanye haya katika barua ambayo ungemwandikia mama huyo tangu mwanzo:

> Bonjour Madame,
>
> J'espère que vous allez bien. J'ai bien reçu votre message d'hier. Je regrette d'apprendre que 12 sacs sont arrivés mouillés.
>
> Pourriez-vous m'envoyer, s'il vous plaît, les photos des sacs et une copie du bon de livraison ? Je vous répondrai demain avant midi.
>
> Bien cordialement,

Mistari ya kwanza unaijua sasa. "J'ai bien reçu" haimaanishi ulipokea kwa uzuri fulani. Hapo "bien" inathibitisha: ujumbe wako umenifikia. Ni adabu inayopendwa sana katika barua za Kifaransa, kwa sababu inamwondolea mtu wasiwasi kwamba alikuwa anaandikia ukuta. "D'hier" ni "wa jana", nawe ubadilishe kulingana na siku.

Kaa kidogo kwenye "Pourriez-vous", purie vu. Hapa ndipo "naomba" yetu inapoponza watu. Sisi "naomba picha" ni upole mtupu, na hata dukani tunasema "naomba sukari kilo moja". Mtu akiihamisha kama ilivyo anapata "Je demande les photos", na kwa Kifaransa hiyo ni sauti ya mtu anayedai. "Envoyez-moi les photos" nayo ni amri. Upole wa Kifaransa umejificha kwenye umbo la kitenzi, lile linalolingana na "nge" yetu: "Pourriez-vous", je, ungeweza, na "Je voudrais", ningependa. Ukiongeza "s'il vous plaît", sil vu ple, ombi limekamilika. Utakutana pia na "Veuillez envoyer" katika barua za ofisi kubwa. Ni sahihi na ya heshima, lakini inasikika kama maelekezo kutoka juu. Muuzaji kumwandikia mteja mwenye malalamiko nisingeitumia.

Kufunga ni rahisi kuliko wengi wanavyoogopa. "Cordialement" hufaa kwa mwenzako wa kila siku, na "Bien cordialement" ina joto kidogo zaidi. Kwa barua rasmi yenye nembo, andika "Veuillez agréer, Madame, mes salutations distinguées", na hapo katikati urudie cheo kilekile ulichoanza nacho. Ukianza "Madame la Directrice" ukafunga na "Madame" pekee, atahisi amevuliwa cheo njiani. Ukiambatisha hati unaweza kuongeza "Bonne réception", yaani nakutakia kuipokea salama. Na kutoka Kongo utaona barua zinazofungwa kwa "Franche collaboration", ushirikiano wa kweli. Huwezi kuikuta mara nyingi katika vitabu vya Ufaransa, lakini kule ni ya kawaida na ya kirafiki, kwa hiyo usidhani kuna mkataba unaodaiwa utie saini.

Kwa simu, kabla ya maneno, angalia saa. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Ukipiga saa mbili kamili asubuhi ya Mwanza, Bujumbura ni saa moja, na mama huyo huenda bado yuko njiani na watoto wa shule. Zaidi ya hapo, Kifaransa kinahesabu saa tangu usiku wa manane. Akikuambia "à 14 heures" anamaanisha saa nane mchana kwake, ambayo kwako ni saa tisa alasiri. Nimeona watu wakichelewa, na wengine wakiwahi, kwa kusahau moja kati ya hesabu hizo mbili. Ninapokubaliana na mtu muda hurudia kwa sauti: "14 heures chez vous, 15 heures à Mwanza". Hakuna aliyewahi kuona ni usumbufu.

Akipokea, sema "Allô, bonjour Madame", jitambulishe kwa jina na mji, kisha uulize "Je vous dérange ?" yaani nakusumbua? Deranzh. Swali hilo fupi ndilo hodi yako. Atakujibu "Non, je vous en prie", hapana, karibu, au atakuomba umpigie baadaye, nawe utashukuru na kukata. Ukipotea katikati ya maneno yake, usiitikie "oui, oui" kwa kumwonea haya. Mtu akiitika asichokielewa katika biashara ya mzigo anaweza kujikuta ameuza kwa bei ya kutupa. Sema "Pardon Madame, pourriez-vous répéter plus lentement, s'il vous plaît ?" arudie polepole. Zaidi atakaporudia namba, sikiliza vizuri: Burundi, Rwanda na Kongo wamerithi hesabu za Wabelgiji, kwa hiyo sabini kwao ni "septante" na tisini ni "nonante". Kitabu cha Ufaransa kitakuwa kimekufundisha "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix", na mtu akikutajia namba ya simu inayoanza na "septante-neuf", yaani 79, utabaki umeshika kalamu.

Matamshi yasikukoseshe usingizi. Ile r ya kooni ambayo watu huiogopa, wewe tayari unayo jirani yake katika "ghali" na "lugha". Na hata ukiitamka kwa ncha ya ulimi kama ya Kiswahili, utakuwa unasema kama wanavyosema wengi wa wale unaowapigia. Jitahidi zaidi kwenye n za puani. Katika "bon" ncha ya ulimi haigusi popote, sauti inapita puani na kukomea hapo. Ukigusa ulimi unapata "bonne", na "bonne" ni neno jingine.

Kuna neno moja dogo ambalo lazima nikuonye kabla hujakwenda huko mwenyewe. Ukikaribishwa chai au chakula na ukajibu "Merci" peke yake, hasa ukiinua kiganja, mwenyeji anaweza kuelewa kwamba umekataa, na sinia itapita. Ukitaka, sema "Oui, merci" au "Volontiers", volontye, kwa moyo mmoja. Nilikaa na njaa mchana mzima kwa kukosa hiyo "oui". Na "karibu" yetu nayo ina sura kadhaa. Anayekupokea mjini atasema "Soyez la bienvenue", anayekufungulia mlango atasema "Entrez, je vous en prie", na ukimshukuru atakujibu "Je vous en prie", zhe vuzan pri. Hiyo ya mwisho ndiyo nakushauri uikariri kwanza, maana inafanya kazi ya "karibu" na "si kitu" kwa pamoja.

Kwa watu wa Bukavu kuna jambo zaidi. Wengi watakugeukia kwa Kiswahili wakijua unatoka Mwanza, na watakusalimu "Jambo". Hapa kwetu neno hilo tumewaachia watalii, na nimeona vijana wa mwaloni wakicheka. Usicheke. Kule ni salamu kamili ya mtu mzima, nawe itikia "Jambo, Maman" au "Jambo, Papa", na akikupa "aksanti" pokea ilivyo. Ila mkiwa watu kadhaa mezani na baadhi yao hawajui Kiswahili, usimvute mmoja pembeni kwa lugha yenu. Baki na Kifaransa chako kidogo, uombe radhi mara moja kwamba bado unajifunza: "Excusez-moi, j'apprends encore le français". Hapo radhi hiyo haikugharimu gunia hata moja.

Tubaki na mama wa Bujumbura, kwa sababu bado anasubiri. Usinyamaze, na usimwandikie kwamba ameelewa vibaya, maana alichokisoma ndicho kilichoandikwa. Mwandikie leo hivi:

> Bonjour Madame,
>
> Permettez-moi de préciser mon message de mardi : je voulais vous exprimer ma sympathie. La cause du dommage n'est pas encore connue.
>
> Pourriez-vous m'envoyer, s'il vous plaît, les photos des sacs et une copie du bon de livraison ? Je vous répondrai dès que nous aurons vérifié avec le chauffeur.
>
> Bien cordialement,

"Permettez-moi de préciser" ni "niruhusu nifafanue". Mzigo wa kutoeleweka unaubeba wewe uliyeandika, naye haitwi mjinga. Neno "sympathie" hapo linasema kile ulichotaka kusema tangu mwanzo, kwamba uko naye katika usumbufu wake. Sentensi inayofuata inaeleza bila ukali kwamba chanzo bado hakijajulikana. Wakati huo wewe mtafute dereva aliyevuka mpaka pale Kabanga kuingia Kobero, umuulize lori lililala wapi, mvua ilinyesha wapi na turubai lilifungwa na nani. Akikuambia lilikuwa wazi usiku kucha, basi barua yako inayofuata ianze na "Nous vous présentons nos excuses", na punguzo la mama huyo liwemo humo humo.